Watazamaji wa kwanza wa video yako Instagram: jinsi ninavyowasoma

Mimi ni fundi simu, na ninachoposti Instagram ni kazi za mezani kwangu: kubadilisha kioo, kuokoa simu iliyoingia maji, kusafisha tundu la chaji. Mafundi wenzangu huniuliza swali lilelile: kwa nini video moja inakwama kwa watu mia mbili, halafu nyingine ya kazi ileile inapanda hadi maelfu? Wengine wameshajijibu kwamba akaunti ndogo zinabanwa. Kabla hujafika huko, tazama kilichotokea katika saa za kwanza, maana hapo ndipo video inapofanyiwa majaribio.

Instagram wenyewe walieleza utaratibu huu Aprili 2024, walipotangaza mabadiliko ya kuwapa watu wenye akaunti ndogo nafasi sawa. Video inayostahili kupendekezwa huonyeshwa kwanza kwa kundi dogo ambalo mfumo unadhani litaipenda, wawe wanakufuata au hawakufuati. Watu hao wakiipokea vizuri, inapelekwa kwa kundi kubwa kidogo. Zinazofanya vizuri hapo zinasogezwa tena mbele, na hivyohivyo. Ni kama muuza machungwa anayekukatia kipande uonje kabla hujanunua kapu.

Sababu ya kuanza na wachache si ngumu. Video mpya haina historia. Mfumo unaweza kusoma maelezo uliyoandika, kusikia sauti na kutambua kilichomo kwenye picha, lakini haujui kama watu watakaa au watapitisha kidole. Na kila nafasi inayopewa video isiyojulikana imeondolewa kwa video ambayo tayari inajulikana kuwa inatazamwa. Kwa hiyo mfumo unabahatisha kwa wachache, unapima, kisha unaamua.

Hakikisha video inaruhusiwa kuingia kwenye jaribio

Kuna video ambazo hazifiki kabisa kwa watu wasiokufuata, hata zingekuwa tamu namna gani. Yenye nembo ya programu nyingine, kwa mfano ile uliyoipakua TikTok ikaja na alama yake, haipendekezwi. Video ya mtu mwingine uliyoiposti upya bila kuongeza chochote nayo haiendi mbali. Iliyozidi dakika 3 pia huishia zaidi kwa wafuasi wako.

Kisha fungua mipangilio, nenda `Account Status`, uone kama akaunti yako yenyewe inaruhusiwa kupendekezwa kwa wasiokufuata. Ukikuta kuna kizuizi hapo, maliza hilo kwanza. Hakuna mwanzo mzuri wa video utakaofungua mlango uliofungwa.

Tumia kitufe cha `Trial`

Tangu Desemba 2024 Instagram imekuwa na njia ya kufanya jaribio hili waziwazi. Unapotaka kuposti video, kwenye ukurasa wa mwisho kuna swichi ya `Trial`. Ukiiwasha, video inaonyeshwa kwa wasiokufuata peke yao. Haikai kwenye wasifu wako wala haiingii kwenye ukurasa wa wafuasi wako, ingawa mfuasi anaweza kuiona akitumiwa na mtu au akiikuta kupitia wimbo ulioutumia. Ilipoanza ilikuwa ya akaunti za kitaaluma zenye wafuasi 1,000 na zaidi, kwa hiyo kama huioni, angalia kwanza aina ya akaunti yako.

Swichi hiyo inawashwa kabla ya kuposti, siyo baadaye. Baada ya takriban saa 24 unapata picha ya awali ya takwimu. Ukiridhika unabonyeza uishee kwa wote, au unaiachia Instagram iishee yenyewe kama imefanya vizuri ndani ya saa 72 za mwanzo.

Faida yake kubwa kwangu ni kwamba wageni wanapimwa peke yao. Kwenye posti ya kawaida, namba za mwanzo zimechanganya wafuasi na wageni. Shemeji yako anatazama kwa sababu ni wewe, wala si kwa sababu ya tundu la chaji.

Tundu moja la chaji, video mbili

Nitoe mfano wa kazi moja. Mteja alileta simu ambayo waya ulikuwa unalegea na chaji inaingia kwa kubembeleza. Ndani ya tundu kulikuwa na vumbi la mfukoni lililoshikana hadi likawa gumu. Unazima simu, unachukua kijiti cha meno, siyo sindano, unakwangua taratibu pembeni bila kugusa pini za katikati. Nilirekodi kazi yote, kisha nikatengeneza video mbili za sekunde 40 hivi kila moja.

Ya kwanza nilianza na salamu, jina la duka, na maelezo kwamba leo tunaangalia tatizo la chaji. Kijiti kiliingia kwenye tundu kama sekunde ya 9. Ya pili nilianza moja kwa moja na kijiti kikitoa bonge la vumbi, kamera ikiwa karibu kiasi cha kuona nyuzi za nguo ndani yake, na sauti yangu ikisema: "Hii ndiyo sababu waya wako haushiki." Maelezo mengine yote yakafuata baadaye, yaleyale. Zote mbili nikaziposti kwa `Trial`, siku tofauti, muda uleule wa jioni.

Kesho yake kila moja ilikuwa imetazamwa mara mia mbili na kidogo. Kwa namba hiyo peke yake ungesema zimelingana, na hapo ndipo wengi wanapofunga simu. Mimi hufungua takwimu za video na kutafuta muda wa wastani wa kutazama. Ya kwanza ilikuwa na sekunde 6. Ya pili ilikuwa na sekunde 17. Kisha natazama mchoro unaoonyesha watu wanavyopungua sekunde kwa sekunde. Ule wa kwanza uliporomoka kabla ya sekunde ya 3, wakati bado nasalimia. Ule wa pili ulishuka kidogo mwanzoni, ukanyooka, kisha ukashuka tena nilipoanza kutaja bei za kubadilisha tundu zima.

Mchoro wa namna hiyo unakwambia mahali pa kushika mkasi. Ukiporomoka sekunde za mwanzo, tatizo ni picha na sentensi ya kwanza. Ukiporomoka katikati, kuna sehemu imerefushwa. Kwenye ile ya pili nilikata habari za bei, nikaiposti upya kwa `Trial`, na watu wakafika mwisho wengi zaidi.

Namba ipi uiamini kwa watu wachache

Januari 2025 mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alitaja vitu vitatu vinavyobeba uzito mkubwa: muda wa kutazama, laiki ukilinganisha na idadi ya waliofikiwa, na mara video inapotumiwa watu wengine ukilinganisha na idadi hiyohiyo. Alieleza kwamba laiki zina uzito zaidi kidogo kwa wanaokufuata, na kutumiana kuna uzito zaidi kidogo kwa wasiokufuata. Ndiyo maana kwenye jaribio la wageni natazama sana kutumiana.

Hata hivyo, kwa watu mia mbili namba hiyo inayumba. Tuseme video kwa hali halisi inawafanya watu 2 kati ya 100 waitume kwa rafiki. Kwa watu 200 ungetarajia 4. Lakini kwa bahati tu unaweza kupata 1 au 7, na video ni ileile. Video zangu mbili zilitumwa mara 1 na mara 6. Inapendeza kwa macho, ila ningetegemea hiyo tu ningekuwa nabahatisha. Kilichonithibitishia ni muda wa kutazama, kwa sababu hapo kila mtazamaji amechangia namba yake, hata yule ambaye hakubonyeza chochote. Kutumiana nahesabu baadaye, watu wakishafika elfu na kuendelea.

Vitu vinavyoharibu jaribio

Cha kwanza ni kutupa linki kwenye magrupu ya WhatsApp dakika tano baada ya kuposti. Marafiki wanafungua, wanalaiki, wanatoka baada ya sekunde 2. Laiki zimepanda, wastani wa muda umeshuka, na wewe huwezi tena kujua wageni walifanya nini. Linki naituma video ikishamaliza majaribio yake.

Cha pili ni kundi lisilo lake. Mfumo unabahatisha watazamaji kwa kutumia dalili ulizoupa. Niliwahi kuweka wimbo wa kucheza uliokuwa unavuma, na kwenye takwimu za watazamaji nikakuta nchi ambazo Kiswahili hakizungumzwi. Hao hawakuikataa video kwa ubaya wake. Hawakuelewa ninachosema. Dawa ni kusema tatizo kwa Kiswahili tangu sekunde ya kwanza, kuliandika kwa herufi kubwa kwenye video, na kurudia maneno hayohayo kwenye maelezo: simu haichaji, tundu la chaji, waya unalegea. Nchi zikiwa Tanzania, Kenya, pengine na Oman, najua jaribio limewafikia wanaonielewa.

Cha tatu ni haraka ya kufuta. Ikivuka kundi la kwanza, video hupanda kwa ngazi. Inakaa palepale kwa saa kadhaa, inaruka, inatulia tena. Ile ya bonge la vumbi ilitulia karibu siku nzima kwenye mamia kabla ya kuingia maelfu. Ukifuta wakati imetulia umefuta na takwimu zake, na kuiposti upya ni kuanza kundi jipya la wageni. Mimi nasubiri hizo saa 72 zipite.

Jaribio halipimi wateja

Wageni wanaoijaribu video yangu wamechaguliwa kwa kudhaniwa kwamba watatazama. Mfumo haujui wala haujali kama wanaishi karibu na duka langu. Video ya tundu la chaji ilinipa watazamaji wengi na simu chache za wateja, kwa sababu nimewafundisha watu kujifanyia wenyewe, tena wengi wao wako mikoa mingine. Video ya kubadilisha kioo cha simu fulani, yenye jina la mtaa wangu kwenye maelezo, hukwama mapema kwa wageni lakini huleta watu dukani wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo sasa nazigawa kabla ya kurekodi. Zile za kufundisha naziposti kwa `Trial`, nazipima kwa muda wa kutazama, na inayoshinda ndiyo naishea kwa wote. Zile za kuita wateja naziposti kawaida kwa wafuasi wangu, wengi wakiwa wa mji huuhuu, na kipimo chake ni watu wanaonitumia ujumbe kuuliza bei. Zikikwama kwa mia mbili siguswi, mradi ndani ya hao mia mbili kuna watatu wenye vioo vilivyopasuka.