Jina Linaloombwa kwa Sauti: Namna ya Kuchagua Jina na Kaulimbiu ya Siagi ya Karanga

Katika duka kubwa la mjini mnunuzi hupita katikati ya rafu, akatazama chupa, akaishika, akasoma maandishi yake, na pengine akairudisha. Katika duka dogo la rejareja hali ni nyingine kabisa. Bidhaa zimepangwa nyuma ya kaunta, mara nyingi nyuma ya nondo za dirisha, na mnunuzi husimama nje akitaja kwa sauti kile anachokitaka. Mara nyingi mnunuzi huyo ni mtoto aliyetumwa na mama yake, naye amelibeba jina la bidhaa kichwani tangu nyumbani. Kwa hiyo jina la bidhaa inayouzwa katika maduka ya namna hii husafiri kwa njia ya mdomo na sikio kabla ya kufika machoni. Likipotea njiani, muuzaji atatoa chupa yoyote iliyo karibu na mkono wake, na aliyeitengeneza bidhaa iliyokusudiwa hatajua kamwe kwamba alikuwa na mteja akampoteza.

Makala haya yanaeleza jinsi jina kama hilo linavyoweza kuchaguliwa kwa utaratibu wa kisayansi, yaani kwa kuweka masharti na kufanya majaribio, badala ya kufuata upendo wa mtu mmoja kwa neno fulani. Mfano utakaotumika ni wa kubuni: kikundi cha akina mama wa Kongwa, mkoani Dodoma, kinachosaga karanga zilizokaangwa pamoja na chumvi kidogo, bila kutia kitu kingine, na kuzifungasha katika chupa za gramu 400.

Kumbukumbu ya muda mfupi

Mtoto aliyetumwa dukani huyarudiarudia maneno moyoni ili yasimtoroke. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Mwingereza Alan Baddeley na wenzake walionyesha kwamba orodha ya maneno mafupi hukumbukwa vizuri kuliko orodha ya maneno marefu yenye idadi ile ile. Kwa makadirio, mtu huweza kushika moyoni maneno anayoweza kuyatamka katika muda wa sekunde 2 hivi. Mtoto aliyeagizwa sukari, kiberiti na siagi ya karanga ana nafasi ndogo iliyobaki kwa ajili ya jina. Jina la silabi mbili au tatu litaingia. Jina la silabi nane litamwagika.

Jambo la pili ni mfanano wa sauti. Mwaka 1964 mtafiti R. Conrad aliwaonyesha watu herufi kwa macho, kisha akawataka waziandike kutoka kichwani. Waliokosea hawakuchanganya sana herufi zinazofanana kwa umbo, bali zile zinazofanana kwa sauti zinapotamkwa. Maana yake ni kwamba hata kilichosomwa huhifadhiwa kwa muda kama sauti. Jina linalofanana kwa sauti na bidhaa nyingine ya dukani litachanganywa nayo, hata kama karatasi ya chupa imepambwa kwa rangi nzuri namna gani.

Kuchuja majina yaliyopendekezwa

Tuseme kikundi kimekusanya majina saba: Siagi Bora, Kongwa, Dhahabu, Chungu, Paka, Kanga na Kigoda. Kila moja linafaa kupimwa kwa zamu.

Siagi Bora ni maelezo, si jina. Kila mtengenezaji anaweza kudai kwamba siagi yake ni bora, na muuzaji akisikia maneno hayo atafikiri mnunuzi anaomba tu siagi iliyo nzuri. Pia kuna kikwazo cha sheria: alama ya biashara inayoeleza tu aina au sifa ya bidhaa kwa kawaida haisajiliwi, kwa kuwa maneno hayo ni mali ya wote.

Kongwa lina historia, kwani ndipo ulipoanzishwa mwaka 1947 mpango mkubwa wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga, uliovunjwa mwaka 1951 baada ya kushindwa. Lakini jina la mahali lina upungufu ule ule wa kisheria, nalo lingekitambulisha kikundi kimoja kwa jina ambalo majirani wote wana haki nalo.

Dhahabu hutamkwa na wengi "zahabu", na wengine "dahabu". Sauti za dh, th na gh hazimo katika lugha nyingi za Kibantu, na kila mtamkaji huzielekeza kwenye sauti anayoizoea. Hali kadhalika, katika baadhi ya lugha hizo l na r hazitofautishwi, hivyo jina lenye herufi hizo mbili, kama vile "Karola", lingerudi dukani kwa sura nne mbalimbali.

Chungu ni chombo cha kupikia, lakini pia ni kinyume cha tamu. Karanga zilizooza au zilizokaangwa kupita kiasi huwa chungu kweli, na hapo jina lingekuwa shtaka. Paka lilitokana na kitendo cha kupaka siagi juu ya mkate. Hata hivyo, neno likiwa peke yake juu ya chupa, msomaji atamwona mnyama, na "siagi ya Paka" ni maneno ambayo hakuna anayetaka kuyaambatanisha na chakula chake. Kasoro za aina hii hazionekani kwa aliyelibuni jina, maana yeye anajua tayari alichokusudia. Huonekana papo hapo kwa mtu aliyepewa neno tupu na kuulizwa: "Ukisikia neno hili, unafikiri nini kwanza?"

Yanabaki Kanga na Kigoda. Kanga linavutia: ni fupi, ndege wake huchoreka kwa urahisi, na lina vina na neno "karanga". Kigoda ni kile kiti kidogo cha jikoni anachokalia mama akikaanga au akichambua. Kina silabi tatu nyepesi, hakina l wala r, na picha yake inatambulika hata na asiyejua kusoma. Jina hili halielezi karanga moja kwa moja, bali linakumbusha jiko la nyumbani, na hiyo ndiyo nafasi nzuri zaidi kwa alama ya biashara: karibu na bidhaa, lakini si maelezo yake.

Majaribio mawili

La kwanza ni jaribio la kusikia. Mtu mmoja asimame umbali wa mita 3 kutoka kwa msikilizaji, redio ikiwa imefunguliwa kwa sauti ya kawaida ya dukani, naye atamke maombi kumi: majina yanayopimwa yakichanganywa na bidhaa za kila siku kama soda, sabuni, karanga na kanga za kuvaa. Msikilizaji aandike alichosikia. "Soda" lazima liwemo, maana mwisho wake unafanana na mwisho wa "Kigoda", na jaribio lisiloruhusu jina kushindwa si jaribio.

Tuseme kati ya wasikilizaji 20, walioandika Kigoda sawasawa ni 18, na walioandika Kanga kwa maana ya siagi ni 9 tu, wengine wakiandika karanga au nguo. Hapo vina vilivyovutia mwanzoni vimegeuka kuwa hasara: Kanga ni jina linalokumbukwa vizuri lakini linasikika vibaya. Iwapo tofauti ingekuwa ya mtu mmoja au wawili, isingefaa kuamua kwayo. Sarafu ikirushwa mara 20 yaweza kutoa kichwa mara 12 bila kuwa na kasoro yoyote. Vivyo hivyo tofauti ndogo katika kundi dogo yaweza kuwa ya bahati tu.

La pili ni jaribio la kutumwa. Mwanafunzi aambiwe mara moja tu: "Lete sukari nusu kilo, kiberiti, na siagi ya" jina mojawapo. Atembee dakika 10, azungumzishwe njiani mambo mengine, kisha ataje alichoagizwa. Kila mwanafunzi apewe jina moja tu. Mpangilio wa vitu ubadilishwe baina ya wanafunzi, kwa sababu kitu cha kwanza na cha mwisho katika orodha hukumbukwa vizuri kuliko vya katikati. Jina likiwekwa mwisho siku zote litapata sifa isiyo yake.

Kaulimbiu

Kaulimbiu ya chupa ndogo ina kazi moja: kusema jambo moja la kweli ambalo jina halikulisema. Pendekezo la kwanza la kikundi, "Karanga tupu", ni fupi lakini si kweli, kwa kuwa chumvi imo. Pendekezo la pili, "Haina sumukuvu", ni la hatari zaidi. Sumukuvu hutolewa na kuvu kwenye karanga zisizokaushwa vizuri. Haionekani kwa macho, na kukaanga hakuiondoi yote. Anayeandika hivyo anaahidi matokeo ya maabara kwa kila mchango wa karanga utakaosagwa, na bila vipimo hivyo ahadi ni uongo juu ya afya ya mlaji.

Pendekezo la tatu lilikuwa: "Karanga na chumvi, basi." Likihesabiwa lina mizani nane, sawasawa na kipande kimoja cha shairi la mizani kumi na sita, na sikio la Mswahili limezoea kipimo hicho tangu utotoni. Zaidi ya hayo, linafafanua jambo linalowakimbiza wanunuzi. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, nayo ni mepesi kuliko chembe zilizosagwa. Siagi isiyotiwa kigandishi ikikaa rafuni, mafuta hupanda juu, na mnunuzi hudhani imeharibika. Kaulimbiu ikisema kilichomo ni karanga na chumvi tu, na chini yake yakaandikwa maneno "Mafuta yakipanda, koroga", kasoro inayodhaniwa inageuka kuwa ushahidi wa kauli yenyewe.

Kulilinda jina

Kabla ya kuchapa karatasi za chupa, ni lazima kuhakikisha kwamba jina halijachukuliwa. Tanzania Bara, alama za biashara husajiliwa na BRELA. Zanzibar ina msajili wake, na usajili wa upande mmoja haulindi upande wa pili. Siagi ya karanga huangukia daraja la 29 katika mpangilio wa kimataifa wa bidhaa. Kosa la mara kwa mara ni kudhani kwamba kusajili jina la biashara kunatosha. Usajili huo humtambulisha anayefanya biashara. Haumpi haki ya alama iliyo juu ya chupa. Jina likipatikana limeshachukuliwa, kikundi hurudi kwenye orodha yake, na hii ndiyo sababu ya kupima zaidi ya jina moja tangu mwanzo.

Zoezi

1. Eleza kwa nini jina "Tamutamu" laweza kufaulu jaribio la kutumwa lakini likakataliwa na msajili.
2. Buni majina matatu ya siagi ya karanga yasiyo na l, r, dh, th wala gh. Yafanyie jaribio la kusikia kwa wasikilizaji 20, ukieleza ni tofauti gani utaikubali na ipi utaiacha.
3. Andika kaulimbiu ya mizani nane, kisha onyesha ni ushahidi gani ungehitajika ili kila neno lake liwe kweli.