Jenereta Ndogo Itabeba Mashine ya Kuchomelea? Vidokezo 7 kwa Fundi wa Barabarani

Fundi amepata kazi ya geti kwenye kiwanja ambacho nguzo ya umeme haijafika. Ana inveta ya kuchomelea iliyoandikwa 200 ubavuni, na jirani yupo tayari kumwazima jenereta ya petroli ya kilowati 2.5. Je, itabeba? Wengi hujibu swali hili kwa kuwasha na kuona kitakachotokea, na hapo ndipo jenereta za watu zinapoungulia. Jibu linapatikana kwa kalamu na karatasi kabla mzigo haujapanda kwenye guta.

1. Anza na rodi, usianze na mashine

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye inveta inataja uwezo wake wa mwisho. Umeme inaouvuta unategemea ampea ulizoziweka kwenye kitufe, na ampea hizo zinaamuliwa na rodi unayotumia. Rodi ya kawaida ya milimita 2 hufanya kazi vizuri kati ya ampea 40 na 60. Ya milimita 2.5, ile ambayo madukani huitwa geji 12, inataka 60 hadi 90. Geji 10, yaani milimita 3.2, inataka 90 hadi 130.

Kwa hiyo jiulize kwanza unachomelea nini. Fremu ya geti la skweya paipu nyembamba, ya milimita 1.5 hivi, haihitaji geji 10. Ukishajua rodi, umeshajua ukubwa wa mzigo.

2. Geuza ampea za rodi kuwa mzigo wa jenereta

Hiki ndicho kidokezo chenye uzito kuliko vyote, kwa hiyo tukiendee taratibu.

Kwa kuchomelea kwa rodi, volti za moto unaowaka kati ya rodi na chuma hukadiriwa hivi:

```
volti = 20 + (0.04 × ampea)
```

Chukua rodi ya milimita 2.5 kwa ampea 75. Volti ni 23. Zidisha 23 kwa 75, unapata wati 1,725. Hiyo ndiyo nguvu inayoyeyusha chuma. Lakini inveta nayo hupoteza sehemu ya umeme kama joto. Zile za kawaida hufikisha kwenye rodi kama asilimia 80 tu ya nguvu zinayopokea. Gawa 1,725 kwa 0.8 na utapata takribani wati 2,160 zinazotoka kwenye soketi.

Ukiishia hapo utasema jenereta ya kilowati 2.5 inatosha. Haitoshi. Inveta nyingi za bei nafuu hazivuti umeme kwa ulaini. Huuchota kwa mikupuo mifupi mikali kila wimbi linapofika kileleni. Kwa sababu hiyo nyaya za jenereta hubeba ampea nyingi kuliko zile wati zinavyoonyesha. Mzigo huo kamili ndio unaopimwa kwa kVA. Kwa inveta za aina hii, gawa wati kwa 0.65 hivi. 2,160 inakuwa kama kVA 3.3, ambayo kwa volti 230 ni zaidi ya ampea 14.

Jenereta ya kilowati 2.5 ya njia moja kwa kawaida hutoa ampea 11 hivi. Basi imezidiwa, hata kama wati zilionekana kutosha.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa rodi ya milimita 2 kwa ampea 55. Volti ni 22.2, nguvu ya kwenye chuma ni wati 1,221, kwenye soketi ni kama 1,530, na mzigo kamili ni kVA 2.35, yaani ampea 10 na ushee. Hiyo jenereta itaibeba, ingawa pembeni kabisa ya uwezo wake.

Kwa hiyo jibu la fundi wetu ni hili: kwa jenereta ya jirani anaweza kuchomelea paipu nyembamba kwa rodi ya milimita 2, bila haraka. Akitaka geji 12 ya kazi ya siku nzima, atafute jenereta yenye kVA 4.5 au 5 za kudumu. Akitaka geji 10 kwa ampea 110, hesabu inafika kVA 5 na kidogo, na ukiacha akiba anahitaji jenereta ya kVA 6.5 hadi 7.

3. Kwenye jenereta, soma namba ndogo

Namba kubwa ya rangi kwenye tangi huwa ni kiwango cha juu, ambacho mashine hukistahimili kwa muda mfupi tu. Tafuta kibao na usome nguvu ya kudumu. Kwa Kiingereza huandikwa "Rated". Hiyo ndiyo ya kufanyia hesabu, kisha uache akiba ya angalau robo.

Mwinuko nao unapunguza. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Jenereta iliyotosha Kigamboni, ukiipeleka Mbeya mjini kwenye mita 1,700 hivi, itakuwa imepoteza karibu asilimia 17 kabla hujagusisha rodi. Ile kilowati 2.5 sasa ni kama 2.1.

4. Mashine ya transfoma inataka zaidi, na sababu yake ni rahisi

Zile mashine nzito za koili zinazosukwa kwenye karakana zetu ni imara na zinatengenezeka popote. Kwa jenereta ndogo, hata hivyo, siyo chaguo zuri.

Mzigo wa transfoma kwenye soketi hauhesabiwi kwa volti za moto wakati unachomelea, bali kwa volti zinazosomeka kwenye koleo kabla rodi haijagusa chuma. Tuseme mita inasoma volti 60 na unachomelea kwa ampea 75. Zidisha: kVA 4.5, karibu ampea 20 kwenye soketi, kwa rodi ileile ya geji 12 ambayo inveta iliivutia ampea 14. Kwa ampea 110 inakuwa kVA 6.6. Na rodi ikiganda, mzigo unapanda juu ya hapo, kwa sababu transfoma haina akili ya kuupunguza yenyewe.

Pima volti za mashine yako kwa mita ya kawaida ikiwa imewashwa bila kuchomelea. Utaijua tabia yake kwa maisha yote.

5. Asilimia iliyo kwenye kibao ni dakika zako kati ya 10

Kwenye kibao cha inveta kuna herufi X na asilimia. Chini ya kanuni ya kimataifa ya IEC 60974-1, kipimo hicho huchukua dakika 10 mazingira yakiwa na joto la nyuzi 40. Ikiandikwa 40% kwenye ampea 160, maana yake unaweza kuchomelea kwa ampea 160 kwa dakika 4, halafu upumzishe mashine dakika 6.

Ukishusha ampea, dakika zinaongezeka haraka. Mashine hiyohiyo, kwa ampea 100 hivi, inaweza kuchomelea mfululizo bila kupumzika, kwa sababu joto ndani yake hukua kwa mraba wa ampea. Ndiyo maana fundi anayetumia geji 12 kwa inveta halisi ya 160 mara nyingi haioni kabisa taa ya njano ya joto. Ikiwaka, usizime mashine. Iache ikiwa imewashwa ili feni iendelee kupuliza mpaka taa izimike. Jua kali la saa saba mchana juu ya bati la inveta hula dakika zako, hivyo itafutie kivuli.

Mapumziko hayo hayaifanyi jenereta iwe kubwa zaidi, na hapa mafundi wengi hujidanganya. Yanapoza inveta, lakini kila sekunde moto unapowaka jenereta inabeba mzigo wote.

6. Pima ukweli wa mashine kwa plagi yake

Sokoni kuna inveta nyepesi zilizoandikwa 300 huku zikiwa na waya mwembamba na plagi ya ampea 13. Ampea 13 kwa volti 230 ni kVA 3. Pitisha kwenye hesabu ya kidokezo cha 2 kwa kurudi nyuma, na utaona kinachobaki kwenye rodi ni ampea 68 hivi. Plagi hiyo haiwezi kupitisha umeme wa kudumu wa ampea 300, hata kidogo.

Kabla ya kununua, tafuta kwenye kibao maandishi `I1max` na `I1eff`. La kwanza ni ampea za juu inazovuta kwenye soketi, la pili ni wastani wake ukihesabu mapumziko. Kwa kuchagua jenereta itakayobeba mashine kwenye ampea zake za juu, tumia `I1max`; ukichomelea kwa ampea chache zaidi, tumia hesabu ya kidokezo cha 2. Mashine isiyo na namba hizi kwenye kibao, mimi singeinunua kwa kazi ya jenereta. Na ukiona kibao kimeandika `cos φ` 0.95 au zaidi, hiyo ni inveta inayovuta umeme kwa ulaini. Inagharimu zaidi, lakini inakuruhusu kutumia jenereta ndogo zaidi.

7. Zisikilize dalili, na uzime mapema

Washa jenereta kwanza, iache ipate moto dakika chache, ndipo uwashe inveta. Anza na ampea 50 kwenye chuma cha jaribio, huku mtu mwingine ameshika mita kwenye soketi ya jenereta. Volti zikishuka chini ya 200 unapochomelea, rudisha kitufe nyuma. Inveta nyingi hustahimili volti 230 zikipungua kwa asilimia 15, yaani hadi 195 hivi. Chini ya hapo moto hukatikakatika na rodi huganda ovyo.

Masikio nayo yanatosha kwa mengi. Injini ikizama sauti kila unapogusa chuma na ikachelewa kurudi, imezidiwa. Ukisikia harufu ya vanishi iliyoungua upande wa koili, zima papo hapo. Kifaa cha kurekebisha volti ndani ya jenereta, kile mafundi wanachokiita AVR, nacho huteswa na ile mikupuo ya inveta. Kikifa, volti zinaweza kupanda na kuondoka na inveta pia. Kwa hiyo usichomeke chaja ya simu wala redio kwenye jenereta hiyo wakati unachomelea.

Ekstensheni iwe fupi na nene. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 30 hupoteza kama volti 11 kwa ampea 15, na kwa jenereta ambayo tayari inahema hizo ni nyingi. Ikunjue yote kutoka kwenye gurudumu lake, maana ikibaki imeviringwa hupata moto mpaka plastiki inayeyuka. Jenereta ikae nje mahali penye hewa, mbali na cheche, na petroli iongezwe injini ikiwa imezimwa na kupoa.

Kwa fundi anayenunua sasa vifaa vya kazi za viwanjani, ushauri wangu ni inveta halisi ya ampea 160 yenye kibao kamili na jenereta ya kVA 5 za kudumu yenye AVR. Seti hiyo inamaliza mageti, grili na milango yote ya geji 12. Kazi ya geji 10 isubiri umeme wa nguzo au jenereta ya kukodi.