Chandarua, kisanduku na almasi: kusoma tafiti nyingi kwa mpigo

Mwanafunzi wa uuguzi aliyepanga chumba Chikongola, Mtwara, hulala ndani ya chandarua chenye dawa usiku na kupewa kazi ya kufanyia muhtasari tafiti za chandarua hicho mchana. Mapitio yanayotumika hapa ni yale ya Christian Lengeler, yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2004. Mtaalamu wa takwimu za afya anajibu maswali ambayo wanafunzi huyauliza zaidi.

Meta-analisisi inafanya nini hasa?

Inakusanya majaribio yaliyouliza swali moja na kuyatolea jibu moja la pamoja. Swali hapa lilikuwa: je, vyandarua vyenye dawa hupunguza vifo vya watoto vikilinganishwa na kulala bila chandarua? Majaribio yalifanyika Ghana, Burkina Faso (huko yalitumika mapazia yenye dawa), Kilifi na Siaya nchini Kenya.

Mradi wa vyandarua vya Zuia Mbu wa Kilombero na Ulanga, ambao mwaka 2001 ulionyesha uhai wa watoto kuongezeka kwa 27%, haumo katika hesabu hiyo. Si kwamba ulikuwa mbovu. Vyandarua vyake viliuzwa madukani, hivyo aliyetaka alinunua, wakati mapitio yalichukua majaribio ambamo vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu.

Kwa nini jibu la pamoja si wastani wa kawaida?

Majaribio manne, kila moja kwa ripoti yake, yalionyesha vifo kupungua kwa 33% Kilifi, 17% Ghana, 16% Siaya na 15% Burkina Faso. Ukijumlisha na kugawa kwa nne unapata takriban 20%. Jibu la mapitio ni 17%.

Tofauti inatokana na uzito. Kilifi walipata 33%, lakini kwa takwimu zao ukweli ungeweza kuwa popote kati ya 7% na 51%. Siaya walipata 16%, na ukweli wao umebanwa kati ya 6% na 25%. Jaribio lenye uhakika zaidi hupewa sauti kubwa zaidi, kwa hiyo Siaya inalivuta jibu upande wake kuliko Kilifi.

Foresti ploti inasomwaje?

Anza na mstari wa wima uliosimama kwenye 1, maana yake vifo ni sawa pande zote mbili. Kushoto kwake ni nafuu, kulia ni madhara. Kila jaribio lina mstari wake wa mlalo wenye kisanduku katikati. Kisanduku ni matokeo, ukubwa wake ni uzito, na urefu wa mstari ni wigo wa uhakika.

Ripoti ya Ghana ilitoa uwiano wa 0.83, na wigo kuanzia 0.69 hadi 1.00. Ncha ya kulia inagusa mstari wa wima, hivyo jaribio hilo peke yake linaacha shaka. Sasa tazama chini kabisa, penye almasi, umbo kama kashata iliyokatwa mshazari. Katikati yake ni 0.83 na ncha zake ni 0.76 na 0.90. Haigusi 1. Majaribio yakiunganishwa, shaka ile inaondoka.

Na heterojeniti?

Ni kiasi ambacho matokeo yanatofautiana kupita kile kinachoweza kuletwa na bahati tu. Jicho hutangulia hesabu: je, mistari ya mlalo inapishana? Wigo wa Kilifi na wa Siaya zote zinachukua eneo la 7% hadi 25%, kwa hiyo pengo la 33% na 16% linaweza kuwa la bahati. Kisha soma I². Ikiwa karibu na 0%, majaribio yanakubaliana. Ikivuka 75%, almasi isiaminiwe kabla ya kutafuta sababu.

Ila utofauti mwingine hauonekani kwenye I², unaonekana kwa kusoma. Gambia nao walifanya jaribio, lakini vijiji vya kulinganishia tayari vilikuwa na vyandarua visivyo na dawa. Hilo ni swali jingine, na Lengeler alilijibu kando: vifo vilipungua kwa 23%.

Kosa gani hurudiwa sana?

Kuandika kwamba chandarua "huokoa watoto 17 kati ya 100". Asilimia 17 ni sehemu ya vifo, si ya watoto. Tuseme kwa mwaka wanakufa watoto 32 kati ya 1,000. Asilimia 17 ya 32 ni kama 5. Mapitio yenyewe yalikadiria maisha 5.5 kwa kila watoto 1,000 wanaolindwa kwa mwaka.

Muhtasari uliokamilika ukoje?

Hautazidi sentensi tatu: "Vyandarua vyenye dawa vilipunguza vifo vya watoto kwa 17% vikilinganishwa na kutokuwa na chandarua (uwiano 0.83, wigo 0.76 hadi 0.90), sawa na maisha 5.5 kwa watoto 1,000 kwa mwaka. Wigo wa majaribio ulipishana, ingawa ukali wa malaria ulitofautiana kati ya Kilifi na Siaya. Majaribio hayo yalianza miaka ya 1990, kabla ya usugu wa mbu kwa dawa za vyandarua kuenea, hivyo asilimia hiyo isihamishiwe Mtwara ya leo bila kupima usugu."