Dondoo muhimu: Kodi ya kwanza ya gitaa, jioni kwa jioni

Babu mmoja wa Magomeni, mpiga gitaa la rithimu aliyestaafu muziki wa dansi, alimwanzishia mjukuu wake E maina. Kodi hiyo inataka vidole viwili tu, na nyuzi zote sita hupigwa.

Jumatatu waliweka vidole: cha kati uzi wa tano, cha pete uzi wa nne, vyote nafasi ya pili. Nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba, ulio chini.

Jumanne sauti ilikwaruza. "Sogea karibu na chuma, mjukuu wangu, ila usikikalie." Ukibonyeza mbali na chuma, uzi utakwaruza hata ukikaza mkono.

Jumatano ndiyo iliyokuwa na kazi. "Babu, uzi wa tatu haulii." Akamwambia apige uzi mmoja mmoja, polepole, kisha achungulie. Kidole cha pete kilikuwa kimelala, kikaugusa uzi wa jirani. Dawa yake ni kusimamisha kidole kwa ncha, kucha zikiwa fupi, dole gumba likae nyuma ya shingo ya gitaa na kiganja kiachane nayo. Uzi wa tatu ukalia.

Alhamisi ncha za vidole ziliuma. Wakaishia dakika 10.

Ijumaa na Jumamosi mtoto aliweka mkono gotini, kisha akarudisha vidole vyote viwili kwa pamoja, mara nyingi.

Jumapili alipiga mipigo minne minne, babu akihesabu kwa mguu. Vidole vikichelewa, punguza mwendo. Mkono wa kulia usisimame.