Mafuta ya Habasoda na Dawa za Kisukari
Kijitabu cha kaya za Mantapala na ufuko wa Mweru

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha kaya za Mantapala, Nchelenge na Kashikishi ambako mtu mzima anameza dawa za kisukari na pia ana chupa ya mafuta ya habasoda, au anataka kuinunua. Ni vizuri asomewe pia yule anayempikia, maana sukari ikishuka ghafla, huenda mgonjwa mwenyewe asitambue.

Habasoda inafanya nini

Habasoda ni mbegu ndogo nyeusi ya mmea uitwao Nigella sativa. Jina hilo litafute kwenye lebo. Watu wa pwani na Waarabu wameitumia tangu zamani kwa kikohozi, tumbo na kujenga mwili. Wengi huyanywa mafuta yake kwa ajili ya afya tu, bila ugonjwa wowote.

Kuhusu kisukari, si maneno ya sokoni peke yake. Mwaka 2010 watafiti wa Saudi Arabia walichapisha matokeo ya wagonjwa 94 wa kisukari cha aina ya pili, waliopewa gramu 1, 2 au 3 za mbegu kwa siku kwa miezi mitatu. Gramu 2 zilishusha sukari, na gramu 3 hazikuongeza faida. Lakini wagonjwa wale hawakuacha vidonge vyao. Habasoda iliongezwa juu ya dawa, nao walikuwa wakipimwa.

Hapo ndipo faida na hatari zinapokutana. Kitu chenye uwezo wa kushusha sukari, ukikiongeza juu ya dawa inayoshusha sukari, kinaweza kuishusha kupita kiasi.

Kiasi cha tahadhari

Watu wengi hukosea kijiko. Katika mbegu, mafuta ni kama theluthi moja tu ya uzito. Kwa hiyo gramu 2 za mbegu zina mafuta yasiyofika hata gramu moja. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta, yaani mililita 5, kinatokana na zaidi ya gramu 10 za mbegu. Anayekunywa kijiko cha mezani asubuhi na jioni amepita mbali sana.

Kwa mtu mzima asiyetumia dawa yoyote:

- Anza na robo ya kijiko cha chai, mara moja kwa siku, baada ya kula.
- Baada ya wiki moja, kama tumbo limetulia na ngozi haiwashi, unaweza kufika nusu kijiko, yaani mililita 2.5. Ishia hapo.
- Pima kwa bomba safi la sindano lililotolewa sindano yake. Vijiko vya nyumbani havilingani.
- Usipitishe miezi mitatu mfululizo.

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, na mwenye ugonjwa wa figo au ini wasiyanywe. Anayesubiri upasuaji ayaache wiki mbili kabla, kwa sababu yanaweza kuchelewesha damu kuganda. Anayetumia dawa za presha au za kuzuia damu kuganda aulize kliniki kwanza.

Dawa za kisukari hazifanani

Toa pakiti yako usome jina.

*Metformin.* Ikiwa peke yake, ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Hata hivyo mwambie muuguzi kabla ya kuongeza habasoda. Zote mbili zinaweza kuvuruga tumbo, na mtu akiharisha na kutapika, figo huumia.

*Glibenclamide.* Hii ndiyo ya kuogopa zaidi. Inalisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala, na nguvu yake inaweza kudumu siku nzima. Usianze habasoda kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya.

*Insulini ya sindano.* Vivyo hivyo: usianze bila mhudumu wa afya na bila njia ya kupima sukari.

Mfano: mama, kidonge na shamba

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58. Kila asubuhi anameza glibenclamide ya miligramu 5 na metformin ya miligramu 500, na jioni metformin nyingine. Jirani anamletea mafuta ya habasoda. Anakunywa kijiko cha mezani asubuhi na kingine jioni.

Siku ya tatu anameza vidonge, anakunywa mafuta, kisha anakwenda shambani na kikombe cha chai tu tumboni. Bukari ataila akirudi. Saa tano mikono inatetemeka, jasho linamtoka ilhali jua bado si kali, moyo unakwenda mbio. Anamjibu binti yake kwa hasira isiyo ya kawaida, kisha maneno yanaanza kumpotea. Akipimwa, kipimo kinasoma 3.1. Chini ya 4.0 ni hatari.

Binti anakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu kikombe cha maji na kumpa anywe. Wanangoja dakika 15. Kipimo kinasoma 3.7, kwa hiyo anampa tena kiasi kilekile. Baada ya dakika 15 nyingine kimefika 5.2, na sasa mama anakula bukari na samaki.

Kazi haijaisha. Glibenclamide bado imo mwilini na sukari inaweza kuanguka tena jioni au usiku. Siku hiyohiyo anapelekwa kituo cha afya cha makazi, pamoja na pakiti za dawa na chupa ya mafuta. Wakiona hali ni nzito, watamwelekeza Hospitali ya Mtakatifu Paulo, Kashikishi.

Mambo matatu yalikutana: kidonge, mafuta mengi na chakula kilichochelewa. Siku ambayo chakula nyumbani ni kidogo, hatari huzidi hata bila habasoda. Mwambie muuguzi kama kuna siku unazokosa chakula, ili apange dawa akijua hilo.

Kama huna kipimo

Usingoje. Mtu wa dawa za kisukari akitetemeka, akitoka jasho, akisikia njaa kali au akichanganyikiwa, mpe sukari kwanza. Ikiwa hakuna sukari, mpe soda yenye sukari au asali. Aliyezimia au asiyeweza kumeza usimtie kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu na umkimbize kituoni.

Usibadilishe dawa kwa mafuta

Kosa la upande wa pili ni kuacha vidonge au insulini kwa sababu mafuta “yanatosha”. Dalili zake huja polepole: kiu isiyoisha, kukojoa mara nyingi, kukonda na kuona ukungu. Akianza kutapika, kupumua kwa nguvu au kusinzia, ni dharura.

Ukikubaliwa kuyatumia

Mhudumu akikubali, anza na robo kijiko baada ya mlo, na usibadilishe kitu kingine wiki hiyo. Pima kabla ya kula asubuhi na kila unapohisi dalili, ukiandika namba kwenye daftari. Ukiona chini ya 4.0 hata mara moja, acha mafuta na urudi kliniki. Ukivimba, ukipata vipele au mkojo ukipungua, acha pia.

Siku ya kliniki, ichukue chupa yako ya habasoda pamoja na vidonge, na umwonyeshe muuguzi kijiko unachopimia. Usimfiche. Hawezi kupanga kiasi cha dawa yako sawasawa asipojua kila unachokunywa.