Waraka wa Siri za Wateja: Anza na Saa, Jela Baadaye

Nyaraka nyingi za maafisini kuhusu siri za wateja huanza na kifungu cha sheria na kuishia jela. Mfanyakazi hutia sahihi, kisha hurudi mezani pake bila kujua afanye nini siku taarifa za mteja zitakapomfikia mtu asiyehusika. Mimi ningeuanza waraka na hesabu ya saa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaipa afisi saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data, tangu ijue kwamba taarifa za mtu zimefikiwa na asiyeruhusiwa na kwamba kuna hatari halisi ya mwenyewe kudhurika. Mteja naye huarifiwa kwa maandishi. Sheria haikutaja saa za kazi, kwa hiyo ni salama kuzihesabu Jumamosi na Jumapili kuwa zimo ndani.

Chukua mfano wa afisi ya mawakili iliyo katikati ya jiji, yenye tawi Lavington. Ijumaa saa kumi na dakika arobaini jioni, karani anatuma kwa WhatsApp nakala ya kitambulisho, hatimiliki na taarifa ya benki ya mteja. Kidole kinagusa jina linalofanana, na zote zinamwendea mtu mwingine. Anazifuta, lakini alama mbili za buluu zilikwisha kutokea. Akinyamaza mpaka Jumatatu saa tatu asubuhi, afisi inabaki na saa saba na dakika arobaini. Wakili anaweza kudai kwamba meneja alijua Jumatatu tu. Lakini karani ni mtu wa afisi, na mimi nisingeiweka afisi yangu juu ya hoja hiyo.

Kwa hiyo aya ya kwanza ya waraka iwe hivi:

“Ukituma, ukipoteza au ukiona taarifa za mteja mahali zisipostahili kuwa, mpigie simu afisa wa data ndani ya saa moja, hata usiku, hata wikendi. Ukituma kimakosa, piga picha ya ujumbe kwanza, kisha ufute pande zote mbili. Andika ni saa ngapi, taarifa zipi, za nani na zimemfikia nani.”

Chini yake andika jina la afisa huyo na nambari yake ya simu, pamoja na vya msaidizi wake, maana wa kwanza huenda likizo.

Kanuni za kila siku nazo zitaje mahali halisi. “Tunza siri za mteja” haimzuii mtu aliyetumwa kutoa kopi. Mashine ya afisi ikiharibika, hushuka hadi saiba iliyo jirani na kutuma hati kwenye simu ya mwenye duka ili zichapishwe. Karatasi atarudi nazo, lakini nakala imebaki kule na hakuna anayejua itafutwa lini. Waraka useme wazi: hati ya mteja haichapishwi saibani, mashine ikifa, kazi inapelekwa tawi lingine. Faili inayobebwa kwenye matatu kwenda Kangemi iandikwe daftarini: nani kaitoa, saa ngapi, irudi lini. Rasimu zilizoharibika zikatwe kwa mashine, zisigeuzwe karatasi za kuandikia upande wa pili.

Ndipo yafuate matokeo. Septemba 2023 Kamishna alitoza kilabu cha Casa Vera, Ngong Road, shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Roma School ya Uthiru ilitozwa 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotolewa bila ruhusa ya wazazi. Hakuna mdukuzi aliyehusika hapo. Zilikuwa picha za kutangaza biashara. Waraka utaje kisa kama hiki, kwa kuwa mfanyakazi hujiona salama akidhani sheria inawasaka wezi wa kompyuta.

Usichanganye adhabu. Faini ya Kamishna huiangukia afisi: hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo. Jela ni njia nyingine, ya mahakama, na humhusu hata mtu binafsi anayejipatia taarifa bila idhini, anayezitoa kinyume cha sheria au anayeziuza: faini isiyozidi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Usiandike pia “atafutwa papo hapo.” Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mfanyakazi aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa na asikilizwe, akiwa na mwenzake aliyemchagua, kabla ya kuachishwa kwa utovu wa nidhamu. Kinachofaa ni kutenganisha: aliyekosea akasema ndani ya saa moja atapewa onyo na mafunzo, aliyeficha ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu, aliyeuza atashtakiwa. Karani wa Ijumaa asipoiona tofauti hiyo kwenye karatasi, atazima simu hadi Jumatatu.