Somo: Pumzi Inayokatika Usiku

Ndugu msomaji, pengine bibi yako amekuambia kwamba unakoroma sana, kisha unanyamaza, kisha unashtuka kama mtu anayetoka chini ya maji. Ama wewe mwenyewe unaamka usiku na moyo unapiga mbio, bila ndoto mbaya wala homa. Watu wengi wanafikiri ni uchovu tu ao ni kulogwa. Tuangalie ni nini inatokea katika mwili.

Mtu akilala, nyama za koo zinalegea. Kwa wengine koo linajifunga kabisa. Kifua kinaendelea kuvuta, lakini hewa haipite. Hewa nzuri katika damu inapunguka, na mara nyingi moyo unapiga polepole. Kisha ubongo unaona hatari na unamushtua mtu. Koo linafunguka, mtu anavuta pumzi kwa kelele, na hapo moyo unaruka mbio kwa muda mufupi. Analala tena, na koo linajifunga tena. Ugonjwa huu unaitwa apne ya usingizi. Pumzi ikikatika segonde 10 ao zaidi, waganga wanahesabia mara moja.

Mfano mmoja

Tufikiri juu ya baba mmoja wa miaka 52, shofere wa kamio. Anatumia dawa mbili za tansio, lakini tansio yake inabaki 160 kwa 100. Anaamka mara tatu kwenda kukojoa. Asubui kichwa kinamuuma, na akiwa njiani mchana macho yanafunga.

Muganga alimwambia bibi yake: "Mama, usiku mumoja ukae karibu naye saa moja, na saa mukononi. Andika kila mara anaponyamaza." Mama aliandika: kukoroma, kimya cha segonde 20 ao 25, kisha kushtuka. Katika saa ile alihesabu mara 18. Muganga alikuwa amemuazima pia kipimo kidogo cha kidole. Wakati wa kimya mapigo yalikuwa 58. Akishtuka yalipanda mpaka 92, kisha yakashuka. Ni ule mpando unaorudia pamoja na kukoroma na kimya ndio ulikuwa na maana, si hesabu 92 yenyewe.

Ni wakati gani inafaa kuuliza?

Jiulize mambo haya 8. Unakoroma kwa sauti kubwa? Unachoka ao kusinzia mchana? Mtu ameona pumzi yako inakatika? Una tansio ya juu? Wewe ni munene kupita kiasi? Umepita miaka 50? Shingo yako inapita santimetre 40? Wewe ni mwanaume? Ukijibu ndiyo mara 3 ao zaidi, umuulize muganga juu ya apne. Mara 5 ao zaidi, usikawie. Baba yule alijibu ndiyo mara 7. Lakini wanawake nao wanaipata, zaidi wale ambao hawaone tena siku zao.

Usidanganyike

Mapigo kupanda usiku mumoja tu haionyeshe apne. Malaria, pombe, upungufu wa damu na hofu vinaweza kufanya vile. Kidole chenye baridi ao kinachotikisika kinadanganya kipimo. Tena kuna mtu anayeamka bila pumzi kwa sababu moyo wake ni zaifu: huyu anatafuta kukaa wima ao kulala juu ya mito mingi, na miguu yake inavimba. Anapaswa kuja upesi. Vilevile mtu mwenye maumivu ya kifua, anayezimia, ao ambaye moyo wake unapiga mbio ovyoovyo bila kutulia: huyu asingoje asubui.

Hesabu ya mama si hukumu ya mwisho. Apne inahakikishwa na mashine inayoandika pumzi na hewa ya damu usiku muzima. Waganga wanaita ugonjwa kuanzia mara 5 kwa saa kama mtu anasikia taabu, na kuanzia mara 15 hata kama halalamike. Dawa kubwa ni mashine inayosukuma hewa puani ili koo lisijifunge. Wakati unaingojea, ulale kwa ubavu, upunguze unene, uache pombe ya mangaribi, na usimeze dawa za usingizi bila kuuliza. Usiache dawa zako za tansio. Na kama unasinzia mchana, usiendeshe. Baba yule aliacha usukani kwa mwenzake mpaka alipotunzwa.

Ukija kwetu, ulete karatasi uliyoandika, na kama inawezekana, uje na yule anayelala karibu nawe. Yeye ameona mambo ambayo wewe hukuona.

Maulizo
1. Moyo unapanda mbio wakati gani: wakati wa kimya, ao wakati wa kushtuka?
2. Ni alama gani inaonyesha kwamba shida ni ya moyo, si ya koo?